Kalamu Iliyobaki Ndani ya Herufi

Hotuba kwa wachora mabango, wachapaji na wanafunzi wa usanifu, Kisumu

Wazee wa kazi, mafundi wa brashi, dada na kaka zangu mnaochapa kadi na kukata stika hapa mjini, nanyi wanafunzi mliosafiri kutoka Kakamega na Nakuru, hamjambo? Asanteni kwa kunialika.

Kabla sijaendelea, naomba kila mmoja achukue zile penseli mbili zilizo mezani na azifunge pamoja kwa mpira, zikae sambamba, ncha zote mbili ziguse karatasi kwa wakati mmoja. Sasa geuzeni mkono kidogo ili ncha ya kulia iwe juu kuliko ya kushoto, mwinamo wa nyuzi 30 hivi, yaani theluthi moja ya pembe mraba. Shikilieni mwinamo huo, msiuzungushe mkono hata kidogo, halafu andikeni o moja kubwa.

Tazameni mlichopata. Mmeandika mistari miwili, na nafasi iliyo kati yake haiko sawa mahali pote. Ukiichukua o hiyo kama uso wa saa, mistari inakutana karibu na namba 11 na karibu na namba 5, na inaachana zaidi kwenye namba 2 na namba 8. Jazeni wino katikati ya ile mistari na mtapata o iliyonenepa ubavuni na kukonda juu na chini, lakini imeegemea upande wa kushoto. Hakuna kati yenu aliyepanga iwe hivyo. Umbo hilo limetokana na upana wa kalamu na mwinamo wa mkono, basi. Fungueni kitabu chochote kilichochapwa kwa herufi za Garamond na mtaiona o hiyo hiyo, imeegemea vivyo hivyo, ingawa aliyekipanga kitabu alikaa mbele ya kompyuta na hakushika kalamu.

Leo nataka tulizungumzie jambo hilo moja: kwa nini unene wa herufi unakaa pale unapokaa. Historia ya herufi ni ndefu, lakini fundi akilijua hili ataweza kuitazama herufi na kusema ilizaliwa na chombo gani, na ataliona kosa kwenye bango kabla mteja hajaliona.

Hebu tupime. Chukua brashi bapa ya milimita 20 na uishike kwa mwinamo ule wa nyuzi 30. Ukivuta mstari wima kwenda chini, unapata unene wa milimita 17 hivi. Ukivuta mlalo, unapata 10. Ukivuta mshazari unaoshuka kuelekea kulia, unapata karibu zote 20. Lakini mshazari unaoshuka kuelekea kushoto unateleza karibu sambamba na ukingo wa brashi, kwa hiyo unapata milimita 5 tu. Ni brashi ile ile na rangi ile ile. Hapo ndipo penye siri ya A. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba na wa kulia ni mnene, kwa sababu wa kwanza unashuka kuelekea kushoto na wa pili kuelekea kulia. V ni kinyume chake: mnene kushoto, mwembamba kulia. Mkiona bango lenye A iliyonenepa kushoto, jueni stensili iligeuzwa, upande wa nyuma ukawa wa mbele. Msomaji wa kawaida hatajua kilichomkera, lakini jicho lake litakwama pale.

Asili ya herufi kubwa tunazozitumia ni mabango, na nafurahi kulisema mbele ya wachora mabango. Pale Roma, chini ya mnara wa mfalme Trajani, kuna maandishi yaliyochongwa kwenye marumaru mwaka 113. Kwa muda mrefu watu walidhani unene na wembamba wake, na vile vijiguu vinavyokaa mwishoni mwa mistari, vililetwa na patasi. Kisha padri mmoja Mmarekani, Edward Catich, aliyekuwa amefanya kazi ya kuchora mabango Chicago kabla ya upadri, akayachunguza kwa karibu. Akaona kitu ambacho jicho la msomi asiyewahi kushika brashi lisingekiona kwa urahisi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1968 alieleza kwamba herufi zile zilipakwa kwanza kwa brashi bapa, na mchongaji akafuata alama za rangi. Kijiguu ni pale brashi inapotua na kuzungushwa kidogo vidoleni kabla ya kuanza mvuto, na tena inapoondoka. Mafundi wa hapa mnaopaka kwa brashi bapa mnaujua mzunguko huo, mnaufanya kila siku ili mwisho wa mstari ukae safi.

Tuandike jina la mji wetu kwa herufi hizo tuone: KISUMU. Jambo la kwanza ni kwamba haliandikiki kwa kunakili mnara wa Trajani. Maandishi yale hayana K wala U. Tunapata I, S na M tu.

I ni rahisi, mvuto mmoja wima. S haina ugumu wa unene: sehemu yake nene ni ule mgongo wa katikati, kwa kuwa unashuka kuelekea kulia, na ncha zake za juu na chini ni nyembamba. Anayenenepesha ncha na kukondesha mgongo anapata S inayoonekana kama imepinduliwa. M ni V iliyosimamishwa kati ya miguu miwili. Mshazari wa kwanza mnene, wa pili mwembamba, hilo mmelishalijua. Lakini mguu wa kushoto kabisa ni mwembamba na wa kulia ni mnene. Kwa mwinamo wa nyuzi 30 miguu yote miwili ingetoka na milimita 17, na kona ya kushoto ingejaa rangi. Ndiyo maana mwandishi alisimamisha brashi zaidi alipofika kwenye mguu ule, ili ukonde. N nayo inafanya hivyo kwa miguu yake yote miwili, na mnaweza kuiona kwenye neno NAKURU: mshazari mnene kati ya nguzo mbili nyembamba. Kwa hiyo mwinamo haukuwa sheria ya chuma. Mwandishi mzuri aliubadilisha herufi ilipodai.

U ndiyo inayonipendeza kuliko zote katika jina hili. Warumi waliandika V mahali pa U. Umbo la mviringo lilipokuja kusimama kama herufi kubwa yenyewe, lilirithi unene wa V: kushoto mnene, kulia mwembamba. Ukifikiri kwa brashi peke yake, nguzo zote mbili za U ni wima na zingepaswa kulingana. Lakini fungueni simu zenu, tafuteni Times New Roman, andikeni U kubwa. Nguzo ya kulia ni nyembamba. Ile ni V ya zamani ambayo bado imo ndani. Na K, ambayo Warumi hawakuitumia sana, ikafuata mantiki ile ile: nguzo nene, mkono wa juu mwembamba kwa sababu unashuka kuelekea kushoto, mguu wa chini mnene kwa sababu unashuka kuelekea kulia.

Sasa herufi ndogo. Hizo hazikutoka kwenye jiwe. Zilitoka kwenye kalamu ya unyoya wa ndege, ambayo ncha yake ilikatwa bapa kwa kisu, na zilipata umbo tunalolitambua katika himaya ya Karoli Mkuu, miaka ya 800 hivi. Baadaye mwandiko wa Ulaya ulibanwa na kuwa mweusi, wenye kona kali, na huo ndio aliouiga Gutenberg alipochapa Biblia yake pale Mainz karibu na mwaka 1455. Lakini Florence, mwanzoni mwa miaka ya 1400, wasomi kama Poggio Bracciolini walikuwa wakinakili vitabu vya kale vya Kilatini. Nakala walizozipata ziliandikwa kwa mwandiko wa enzi za Karoli, nao wakaamini kwamba huo ndio mwandiko wa Warumi wenyewe. Wakaurudisha. Wakauoanisha na herufi kubwa za mawe ya Roma. Hivyo ndivyo tulivyopata herufi kubwa na ndogo katika sentensi moja: za kwanza ni za brashi na jiwe, za pili ni za unyoya na ngozi, na kati yake kuna karne saba.

Uchapaji ulipofika Italia, ndoa hiyo ikafungwa kwa chuma. Nawaeleza hatua zake kwa sababu zinabadilisha kila kitu. Fundi alichukua kipande cha chuma cha pua na kwenye ncha yake akachonga herufi moja, ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, kwa ukubwa ule ule itakaochapwa. Chuma hicho kikaimarishwa kwa moto, kikapigwa nyundo juu ya kipande cha shaba, kikaacha shimo la umbo la herufi. Shaba hiyo ikawekwa chini ya kalibu ya mkononi, ambayo kazi yake haikuwa tofauti sana na ya kalibu ya matofali: kila kinachotoka kiwe na kimo kimoja. Ndani yake ikasubiwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Risasi peke yake ni laini mno. Bati inasaidia mchanganyiko utiririke, antimoni inaupa ugumu. Herufi ikatoka, ikapozwa, na nyingine ikasubiwa.

Angalieni kilichotokea. Mwandishi alivuta kalamu, lakini fundi huyu havuti kitu. Anatumia tupa na patasi, na angeweza kuweka unene popote apendapo. Hata hivyo, Nicolas Jenson alipochapa vitabu vyake vya kwanza Venisi mwaka 1470, o yake iliegemea kushoto na e yake ilikuwa na kijiti cha mshazari, kama kalamu ilivyotaka. Wasomaji walikuwa wamezoea mkono, na chuma kikautii mkono. Ila si katika kila jambo. Kalamu ikimaliza nguzo ya n inaacha mkato mdogo tu pale chini. Herufi za Jenson zina vijiguu bapa pande zote mbili, vilivyoazimwa kutoka kwa herufi kubwa ili ndugu hawa wawili wafanane. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba kila kitu ndani ya herufi ya chapa kimetokana na kalamu, msimkubalie moja kwa moja. Vijiguu vya chini ya n ni vya jiwe.

Venisi hiyo hiyo, mwaka 1501, Aldus Manutius akachapa kitabu cha mashairi ya Vergili kwa herufi za mlazo, zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa haraka wa wasomi. Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa gredi ya kwanza anaandika a ya duara moja lenye mkia na kitabu chake kikamwonyesha a yenye paa juu, jibu liko hapo. Yenye paa ilitoka kwenye mwandiko wa polepole wa Karoli, na ya duara ni ya mkono unaokimbia. Zote mbili zilipata chuma, zikaishi pamoja.

Kisha chombo kikabadilika. Katika miaka ya 1600 na 1700 waalimu wa mwandiko walianza kupendelea kalamu ya ncha kali inayopanuka ikikandamizwa. Hapa unene hautokani tena na mwinamo, unatokana na nguvu ya kidole. Unakandamiza ukishuka, unalegeza ukipanda. Mwalimu wa herufi wa Uholanzi, Gerrit Noordzij, alijenga nadharia yake yote juu ya tofauti hii: unene unaotokana na upana wa ncha, na unene unaotokana na ncha kupanuka. Ukiandika o kwa kalamu ya pili, wembamba haukai tena kwenye namba 11 na 5. Unahamia kwenye 12 na 6, na o inasimama wima kabisa. Giambattista Bodoni wa Parma na akina Didot wa Paris walilichukua umbo hilo hadi mwisho wake: nguzo nene, na mistari milalo myembamba kama uzi wa nywele.

Ni herufi nzuri mno kwenye karatasi laini. Kwenye bango ni hatari. Mteja anayetaka jina la saluni kwa mtindo wa Bodoni anapendezwa nalo kwenye skrini, kisha ukiliweka ng'ambo ya barabara zile nywele zinapotea na E inabaki nguzo moja yenye vumbi. Kipimo changu ni hiki: chapa karatasi ndogo, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi na ukunje macho. Kama milalo imetoweka, nenepesha milalo, usinenepeshe nguzo.

Sasa mtaniuliza habari za herufi zisizo na vijiguu, zile za Arial na wenzake, ambazo ndizo zimejaa mjini. Ya kwanza kuchapwa ilitoka London mwaka 1816, kwenye kitabu cha sampuli cha William Caslon wa nne, herufi kubwa tupu. Mtu anaweza kudhani humu kalamu imekwisha. Andikeni n kwa penseli zenu mbili. Shukeni na nguzo, pandeni tena ndani yake, kisha tokeni kuelekea kulia kutengeneza tao. Pale mkono unapotoka kwenye nguzo unapanda kwa mwinamo unaokaribia ule wa ncha, kwa hiyo tao linaanza jembamba, linanenepa likigeuka kushuka. Sasa ikuzeni n ya Arial kwenye skrini hadi ijae. Tao linakonda pale pale, linapotoka kwenye nguzo.

Limebaki kwa sababu kuna faida ndani yake. Pale nguzo na tao vinapokutana, wino hujaa na jicho huona doa jeusi. Kalamu ililiondoa doa hilo bila kukusudia, na wachongaji wakaona afadhali kulihifadhi suluhisho. Mnaokata stika, mkichora n wenyewe kwa bomba la unene mmoja mwanzo hadi mwisho, mtaliona doa hilo kwenye kila n, m, h na r mkikunja macho. Dawa ni kukondesha tao pale linapoungana, hata kwa sehemu moja ya tano ya unene wa nguzo. Milalo nayo ikondeni kidogo kuliko nguzo. Hapo sijui kusema ni kalamu au ni jicho, maana jicho lenyewe huona mlalo kuwa mnene kuliko nguzo yenye kipimo sawa. Vyote viwili vinaelekeza mahali pamoja.

Kutokana na hilo mtaelewa kwa nini nawasihi msivute herufi kwa kipanya ili zijaze bango. Ukivuta upana uwe mara moja na nusu, nguzo ya milimita 20 inakuwa 30, lakini mlalo unabaki na unene wake ule ule. O inanenepa ubavuni kama iliyopigwa ngumi juu. Hakuna kalamu inayoweza kuandika herufi hiyo. Tafuteni fonti iliyochorwa ikiwa pana tangu mwanzo, au ongezeni nafasi kati ya herufi.

Edward Johnston, aliyefundisha Waingereza kuandika tena kwa ncha bapa, alipochora herufi za reli ya chini ya ardhi ya London mwaka 1916, hakuweka vijiguu. Lakini nukta ya i aliifanya mraba uliosimama kwa kona. Gonga penseli zako mbili kwa nyuzi 45 na uvute kidogo tu kuelekea kulia chini. Nukta hiyo hiyo.

Mzee mmoja anayeandika mbao za matatu ameniuliza kabla hatujaanza: ile alama ya Ng'iya na Nyang'oma inapaswa kuwa na umbo gani, maana kila kijana anaiandika kivyake. Swali hili linafaa kabisa. Alama hiyo ilizaliwa kwa kalamu bapa: kichwa kinene pale ncha inapotua, halafu mkia unaokonda ukipinda kushoto, mfano wa namba 9 ndogo. Taipureta ilipokuja, nafasi ya vitufe ilikuwa finyu, wakaweka kijiti kimoja kilichonyooka kitumike kufungua na kufunga. Kompyuta ikarithi kijiti hicho kwenye kitufe chake, ndiyo maana tunapata ' mahali pa ’. Kwenye ujumbe wa simu haidhuru. Kwenye ubao wa herufi zenye unene na wembamba, kile kijiti kinaonekana kama msumari uliopigiliwa baadaye, kwa kuwa ndicho pekee ambacho hakikuandikwa na mkono.

Makosa mengine mawili ni mabaya zaidi. Wapo wanaobonyeza kitufe cha ` kilicho kona ya juu ya kibodi, na alama inaegemea upande usio wake. Na wapo wanaoweka ‘, ile ya umbo la 6, ambayo ni ya kufungua nukuu. Kwenye kompyuta ya Windows shikilieni Alt na mwandike 0146 kwa vitufe vya namba vya kulia, mtapata ’. Kwenye simu, kandamizeni kitufe cha ' bila kuachia hadi nyingine zitokee, na mchague ya umbo la 9. Kwa brashi, mzee, tua kwa upana wote kwenye mwinamo ule ule uliotumia kwa N na g, vuta chini kidogo, kisha zungusha ukipinda kushoto na uinue. Kichwa chake kilingane na unene wa nguzo ya g, na kikae usawa wa juu wa N.